Mzee Anahamia Nyumba Ndogo

Ukisema mtaani kwamba mzee fulani amehamia nyumba ndogo, watu watacheka kwanza kabla ya kukuuliza ni ipi na iko wapi. Basi niweke wazi mapema: nyumba ndogo ninayoizungumzia hapa ina vyumba viwili, choo cha ndani na hati yenye majina ya wote wawili, mzee na mkewe, na wanahamia pamoja.

Chukua mume na mke wa mfano, yeye ana miaka 66, mkewe 61. Wote wamestaafu utumishi wa umma, wanaishi Kimara, Dar es Salaam. Kiwanja walinunua mwaka 1996. Walijenga kidogo kidogo kama tunavyojenga wengi, leo msingi, mwakani kuta, bati baada ya mkopo wa SACCOS. Nyumba ina vyumba vitano vya kulala na banda la uani. Watoto wanne wamekua wakaondoka. Sasa vyumba vitatu vimefungwa na kimoja kimejaa mabegi ya watu walioko Mwanza na Arusha. Bati limeanza kuvuja upande wa jikoni, ukuta wa uzio umepata ufa, na fundi ametaja milioni sita. Pensheni ya mwezi haiwezi kuibeba hiyo milioni sita. Ndivyo wazo la kuuza linavyoingia katika nyumba nyingi: kupitia paa.

Dalali anawaambia nyumba yao itauzika kwa shilingi milioni 280. Kibaha kuna nyumba ya vyumba viwili, kiwanja cha mita za mraba 400, inauzwa milioni 88. Mzee anatoa kwa kichwa: watabaki na milioni 192. Ile 192 anaanza kuipangia matumizi usiku uleule. Bei hizi ni za mfano tu, kila mtaa una zake, ila kosa la hesabu ni lilelile nililoliona kwa watu wengi: wanatoa bei ya nyumba wanayonunua kutoka bei ya nyumba wanayouza, wanadhani baki ndiyo fedha yao.

Tuifanye hesabu hiyo kwa utaratibu.

Dalali anachukua chake. Tuseme wamekubaliana asilimia 5, yaani milioni 14. Wakili wa kuandaa mkataba, mthamini aliyesajiliwa, ada za ofisi ya ardhi na safari za kufuatilia, weka milioni 4. Halafu inakuja kodi, na hapa ndipo wengi wanaposhtuka, kwa sababu wamezoea kuamini kwamba nyumba ya kuishi haikatwi kodi.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania inatoa msamaha kwa nyumba ambayo mtu ameimiliki kwa miaka mitatu au zaidi mfululizo, na akaishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi. Lakini msamaha huo una kikomo: faida isizidi shilingi milioni 15. Kwa nyumba iliyojengwa miaka ya tisini katika jiji lililopanda bei kama Dar es Salaam, kikomo hicho kinapitwa kabla hujamaliza kuhesabu. Faida ikizidi hapo, mkazi wa Tanzania analipa asilimia 10 ya faida kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na Msajili wa Hati hasajili uhamisho mpaka aone kodi hiyo imemalizwa. Ndugu zetu wa Kenya wana hesabu tofauti. Kule kodi ya faida ya mtaji ilipanda hadi asilimia 15 Januari 2023, lakini nyumba ambayo mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuihamisha haitozwi. Anayesoma makala haya akiwa Buruburu asiogope milioni za Kimara.

Faida ni nini? Ni bei ya kuuzia ukitoa gharama ulizoweza kuzithibitisha: kiwanja, ujenzi, matengenezo makubwa ya kuongeza thamani, pamoja na gharama za kuuza zenyewe. Wenzetu wa Kimara wana bahasha ya kaki. Humo mna mkataba wa kiwanja wa milioni 3.5, risiti za saruji na nondo, mikataba ya mafundi, na vibali vya banda la uani. Jumla inafika milioni 62. Ukiongeza milioni 18 za dalali, wakili na wengine, gharama zinakuwa milioni 80. Faida ni milioni 200, kodi ni milioni 20. Sheria haihesabu kwamba milioni 3.5 ya mwaka 1996 ilikuwa fedha nzito kuliko ya leo. Shilingi ni shilingi.

Kwa asiye na kumbukumbu ya gharama, mabadiliko ya sheria ya miaka ya karibuni yameweka njia nyingine: asilimia 3 ya bei, au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi iliyo kubwa. Ukifanya hesabu utaona jambo la kuchekesha. Asilimia 3 ya milioni 280 ni milioni 8.4, chini ya nusu ya kodi ya yule aliyetunza bahasha yake kwa miaka 28. Njia hiyo imewekwa kwa ambaye kweli hana kumbukumbu. Anayeificha bahasha chini ya godoro anafanya jambo lingine kabisa, na jina lake linajulikana. Nasema tu kwamba siku ya kwenda TRA nenda na mtaalamu wa kodi, kwa sababu tofauti ya njia hizi mbili inaweza kununua bati la nyumba nzima.

Sasa rudi kwenye 280. Toa 14 ya dalali, toa 4 ya wakili na wenzake, toa 20 ya kodi. Zimebaki 242. Nyumba ya Kibaha ni 88. Ushuru wa stempu, ambao kwa kawaida mnunuzi ndiye hulipa na sasa wao ni wanunuzi, ni asilimia 1. Pamoja na wakili wa upande huo, weka milioni 3. Kurekebisha nyumba ndogo ifae wazee, milioni 12. Kuna pia miezi minne ya kupanga kati ya kutoka Kimara na kuingia Kibaha, na lori la kuhama, jumla milioni 3. Zote ni 106. Kilichobaki mkononi ni milioni 136. Ile 192 ya usiku ule imepungua kwa milioni 56, na hakuna aliyewaibia.

Kabla ya kwenda mbali, swali ambalo kila mtoto mkubwa atauliza: kwa nini msiipangishe? Ni swali zuri na halistahili kujibiwa kwa hasira. Tuseme nyumba ya Kimara inapata mpangaji wa milioni 1.2 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 14.4. Ukiacha mwezi mmoja wa nyumba kukaa wazi, zinabaki 13.2. Kodi ya pango ya asilimia 10 inaacha takriban 11.9. Matengenezo ya nyumba iliyochoka, milioni 2 kwa mwaka, na wao wenyewe wapange mahali kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Wanabaki na kama milioni 5.7 kwa mwaka, chini ya laki tano kwa mwezi, na ile milioni sita ya paa bado haijalipwa. Faida yake ni kwamba nyumba bado ni yao na pengine bei itaendelea kupanda. Kwa mtu wa miaka 50 ningesema pangisha. Kwa mtu wa miaka 66 ambaye lazima apande daladala kwenda kudai kodi kwa mpangaji asiyepokea simu, simsukumi huko.

Lakini hesabu yote hiyo inakaa juu ya jambo moja: je, wanaruhusiwa kuuza? Hapa ndipo nyumba nyingi za wazee zinapokwama, tena hukwama baada ya malipo ya awali kupokelewa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kuigawa kwa njia nyingine nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Haijalishi hati ina jina la nani. Mwenzi ambaye hakuridhia anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, na mnunuzi mwenye akili atataka kuona fomu ya idhini yenye saini na picha kabla ya kutoa hata shilingi. Mzee mwenye wake wawili ajue kwamba neno "mwenzi" halimwishii kwa yule anayekaa naye sasa. Nimewahi kusikia mtu akisema "mke wangu hana neno." Muulize mkewe, tena akiwa peke yake. Mama aliyepanda ndizi uani kwa miaka ishirini na mitano ana maneno mengi.

Shida kubwa zaidi ni ya wajane. Mume amefariki miaka kumi iliyopita, hati bado ina jina lake, mama anaishi humo na kila mtu anamwita mwenye nyumba. Kisheria nyumba hiyo bado ni mali ya marehemu. Mama hawezi kuiuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, naye msimamizi awasilishe orodha ya mali na warithi, ndipo jina libadilishwe. Msimamizi anaweza kuwa mama mwenyewe au mtoto, lakini fedha zitakazopatikana ni za warithi wote kwa kadiri ya sheria inayotumika kwa familia hiyo, iwe ya kiislamu, ya kimila au ya serikali. Mama akidhani atapata milioni 242 anaweza kukuta fungu lake ni sehemu ndogo tu, na nyumba ya Kibaha hainunuliki. Kwa wazazi walio hai wote wawili mambo ni kinyume: watoto hawana mirathi kwa mtu aliye hai. Wanaweza kununa, wanaweza kuitisha kikao cha ukoo, lakini saini yao haihitajiki.

Kisha kuna hati yenyewe. Kimara si mahali pa kutania na mipaka. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilivunjwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na wapo waliokuwa wameishi pale miongo. Mnunuzi wa leo anakumbuka. Ataomba upekuzi ofisi ya ardhi, ataangalia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka huu, na ataleta mpima aangalie alama za mipaka. Ni busara wauzaji wafanye yote hayo wenyewe kabla ya kumwita dalali. Nyumba yenye mkataba wa serikali ya mtaa tu, bila hati, inauzika pia, lakini wale wanunuzi wanaotegemea mkopo wa benki wanaondoka, na wanaobaki wanajua wamebaki wachache. Bei inashuka kwa sababu hiyo.

Mnunuzi akishapatikana, jambo moja linaharibu kuliko yote: malipo ya awamu. "Mzee, nakupa mia na hamsini leo, mia na thelathini baada ya miezi mitatu, nikabidhi ufunguo nianze kupaka rangi." Usimkabidhi. Akishaingia na kuvunja ukuta wa jikoni, miezi mitatu huwa mwaka, na kumtoa ni kesi ya baraza la ardhi. Mkataba useme tarehe na kiasi, fedha zipite benki na si mfukoni, hati ikae kwa wakili hadi shilingi ya mwisho iingie, na ufunguo utolewe siku hiyohiyo. Wala wauzaji wasilipie nyumba ya Kibaha yote kwa awamu ya kwanza wakitegemea ya pili. Nimeona wazee waliokuwa na nyumba moja kubwa wakajikuta na nusu ya nyumba mbili. Ni heri kupanga kwa miezi minne na kuvumilia maboksi.

Na nyumba yenyewe ya kuhamia? Watu huichagua kwa macho ya siku wanayoinunua. Wakiwa na miaka 66 na 61 bado wanapanda ngazi, bado wanaendesha gari usiku. Ninaloshauri ni kuitembelea nyumba hiyo kana kwamba umefunga goti moja kwa bandeji. Ngazi za mlangoni ni ngapi? Kiti cha magurudumu kitapita mlango wa choo? Sakafu ya bafu ni ya vigae vinavyoteleza? Ile milioni 12 ya marekebisho ni ya haya: kupanua mlango, kuweka vyuma vya kushikia ukutani, kuondoa kizingiti cha bafu, kuweka tangi la maji linalojazwa bila mtu kupanda juu. Kibaha kuna hospitali ya rufaa ya mkoa ya Tumbi, na njiani kurudi Dar es Salaam kuna Mloganzila. Kwa wazee hawa hilo lina thamani kuliko chumba cha tatu. Kiwanja rahisi zaidi cha kule ndani, kilomita 14 za vumbi kutoka lami, kitauzwa kwa bei ya kuvutia hadi usiku wa kwanza wa presha kupanda.

Wengine wanavutiwa na fleti mjini. Ni sawa, na tangu mwaka 2008 tuna sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Ila uliza hati ya sehemu ipo au bado imo ndani ya hati mama ya mjenzi, uliza lifti ikiharibika inatengenezwa kwa fedha gani, na uliza ada ya huduma ya kila mwezi imepandaje miaka iliyopita. Ada hiyo hailali hata ukistaafu. Na kuna jambo ambalo dalali hatakuambia: msiba ukitokea, turubai utalifunga wapi? Nyumba ndogo yenye uwanja inapokea watu mia. Fleti kubwa haiwezi.

Tumerudi kwenye milioni 136. Fedha hizi ni nyumba iliyogeuka kuwa karatasi, na karatasi inatembea upesi kuliko nyumba. Siku ya tatu baada ya kuuza utapigiwa simu na mpwa mwenye wazo la bodaboda kumi. Mtoto wa pili ana mtaji wa duka umekatika. Mimi ningewashauri waamue kiasi cha kugawa kabla ya kusaini mkataba wa kuuza, tuseme milioni 16, yaani milioni 4 kwa kila mtoto, wakitoe siku moja mbele ya wote, kisha mlango ufungwe. Zinabaki 120. Milioni 20 zikae mahali pa kuchukulika haraka, kwenye akaunti ya akiba au mfuko kama Ukwasi wa UTT, kwa ajili ya hospitali na dharura. Milioni 100 wanunue hati fungani za Serikali.

Hati fungani zinanunuliwa kwa mnada wa Benki Kuu kupitia benki au wakala wa soko la hisa, na riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Viwango vinabadilika mnada hadi mnada. Tukichukua asilimia 12 kwa mfano, milioni 100 zinaleta milioni 6 kila nusu mwaka, sawa na milioni moja kwa mwezi juu ya pensheni. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya walichobaki nacho kwa kupangisha, na wanaishi kwenye nyumba yao. Kuna pia uzuri wa kijamii ambao hauandikwi kwenye vipeperushi: mpwa akipiga simu, mzee anasema kweli tupu kwamba fedha zimefungwa Benki Kuu.

Mipaka yake iko miwili. Riba ya hati fungani haikui. Milioni moja ya mwezi leo itakuwa milioni moja miaka 20 ijayo, na bei zikipanda kwa asilimia 3 tu kwa mwaka, itanunua kama nusu ya inachonunua sasa na kidogo zaidi. Kwa hiyo miaka ya mwanzo, wakati bado wana nguvu, wasile riba yote. Warudishe hata robo yake. Na ukitaka mtaji wako kabla ya muda, lazima uuze hati hiyo kwa mtu mwingine katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa bei ya siku hiyo. Kama hati mpya zinatoa asilimia 15 na yako inatoa 12, hakuna atakayeinunua kwa bei kamili. Ndiyo maana mama wa miaka 61 anaweza kuchukua ya miaka 20 kwa sehemu, lakini si zote 100 kwenye ya miaka 20. Wagawanye: nyingine ya miaka 5, nyingine ya 10.

Majina kwenye akaunti hizo yawe mawili pia, au angalau mrithi aandikwe kwenye fomu. Wengi huikumbuka hati ya nyumba na kuisahau hii.

Kinachobaki ni vitu. Kabla ya lori kuja, chukua futi kamba upime mlango wa sebule ya Kibaha, kisha upime kabati la mninga na meza ya watu kumi na wawili. Meza haitaingia. Wapigie simu watoto wenye mabegi kwenye chumba cha nyuma, uwape Jumamosi mbili, na uwaambie kwamba kitakachokuwapo Jumamosi ya tatu atapewa mpaka rangi wa mnunuzi mpya. Watakuja wote, na mmoja atabaki amekaa sakafuni chumbani kwake wa zamani hadi giza liingie, akisoma madaftari ya darasa la tano.